Mwongozo kamili: Kurudisha mafaili ya flashi yaliyofichwa na virusi au kugeuzwa shotikati

Wengi wanaoniletea flashi zenye tatizo hili wamekwisha kujaribu `attrib`, amri ya Windows ya kuondoa alama za kificho, mara mbili au tatu, na bado hawajapata kitu. Amri yenyewe haina kosa. Kinachowaangusha ni mpangilio wa kazi: wameiandika kwenye kompyuta ambayo bado ina virusi, wameacha herufi moja ya amri, au mafaili yamekwisha kurudi lakini yamo ndani ya folda isiyo na jina ambayo macho yameiruka. Fuata hatua zilizo hapa kwa zamu yake, na usiingie hatua inayofuata kabla hujaona dalili ya kufaulu iliyoelezwa mwishoni mwa ile iliyotangulia.

Mwongozo huu ni wa flashi inayofunguka vizuri kwenye Windows 10 au Windows 11 ila inaonyesha shotikati mahali pa folda zako, au inaonekana tupu ilhali hukufuta kitu. Ikiwa Windows inasema `You need to format the disk in drive`, hilo ni tatizo jingine la mfumo wa mafaili kuharibika, na hatua hizi hazitakusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Windows ambayo si ile iliyoambukiza flashi, au simu ya Android pamoja na kiunganishi cha OTG, kile cha kuchomekea flashi kwenye simu.
- Nafasi tupu kwenye diski ya kompyuta hiyo, kubwa kuliko mafaili yaliyomo kwenye flashi.
- Flashi nyingine ndogo isiyo na kitu cha thamani, kwa ajili ya jaribio la Hatua ya 2.
- Muda wa saa moja hivi. Flashi yenye mafaili mengi madogo hunakiliwa polepole.

Mambo matatu usiyafanye hata kidogo mpaka mafaili yawe yamehifadhiwa mahali pengine. Usifomati. Usikubali ujumbe wa Windows unaokuomba ikague na kurekebisha flashi, kwa sababu ukaguzi huo unaweza kubadilisha mpangilio wa mafaili kabla hujayaokoa. Na usibofye shotikati hata moja.

Katazo hili la tatu ndilo linalovunjwa zaidi, na naelewa kwa nini: ukibofya shotikati, folda yako inafunguka na kazi yako unaiona humo ndani. Kuna watu wanaotumia flashi ya namna hiyo kwa miezi wakidhani imebadilika sura tu. Bofya shotikati kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Properties`, kisha usome mstari wa `Target`. Mara nyingi utakuta kitu kinachofanana na hiki:

```
cmd.exe /c start jina.vbs & start explorer PICHA & exit
```

Amri hiyo ina kazi mbili. Kwanza inaendesha programu ya virusi, hapa `jina.vbs`, kisha inakufungulia folda ya PICHA ili usishtuke. Kila unapobofya ili kuifikia kazi yako, unaiambukiza kompyuta upya.

## Hatua ya 1: Hakikisha mafaili bado yapo

Chomeka flashi, fungua `This PC`, bofya flashi kwa kitufe cha kulia na uchague `Properties`. Tazama mstari wa `Used space`.

Virusi hivi kwa kawaida havifuti mafaili yako. Vinayapa alama mbili, ya kificho na ya mfumo, kisha vinaweka shotikati yenye jina lilelile mahali pake. Faili lililofichwa linaendelea kuchukua nafasi yake yote. Kwa hiyo, ikiwa flashi ilikuwa na GB 3 za kazi na `Used space` bado inaonyesha karibu GB 3, kazi yako ipo, hata kama dirisha halionyeshi chochote.

Hapa ndipo penye jibu kwa wale wanaosema kwamba programu ya kinga ya virusi imewafutia mafaili. Programu hiyo iliona shotikati, ikazitambua kuwa ni za virusi, ikazifuta, na kwa hilo ilikuwa sahihi. Haikuondoa alama ya kificho kwenye mafaili halisi, na ndiyo maana flashi imebaki tupu machoni.

Ikiwa `Used space` iko karibu na sifuri, basi mafaili yamefutwa au flashi imefomatiwa. Acha kuitumia mara moja, usiandike kitu juu yake, na uruke moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Dalili ya kufaulu: nafasi iliyotumika inakaribiana na ukubwa wa kazi unayoikumbuka.

## Hatua ya 2: Pata kompyuta safi, na uithibitishe

Virusi vya aina hii vikishakaa kwenye kompyuta, hukesha vikisubiri flashi. Ukiyafichua mafaili kwenye kompyuta iliyoambukizwa, yatafichwa tena pengine kabla hujamaliza kuyanakili, nawe utadhani amri haikufanya kazi.

Usiamini kompyuta kwa sababu tu ina programu ya kinga, kwani kompyuta nyingi za ofisini na za steshenari hazipati intaneti ya kutosha, na orodha yake ya virusi inakuwa ya zamani. Ijaribu. Chukua ile flashi ndogo, tengeneza folda ndani yake uipe jina JARIBIO, na uweke humo faili moja la maandishi. Ichomoe kwa utaratibu, ichomeke tena, subiri dakika mbili, kisha uifungue. Badilisha mwonekano uwe `Details` na usome safu ya `Type`. Folda halisi huandikwa `File folder`. Ikiwa JARIBIO sasa inaandikwa `Shortcut` au `Application`, au haionekani kabisa, kompyuta hiyo ina virusi, tafuta nyingine.

Isome safu ya `Type`, usitegemee picha ya folda, kwa sababu vipo virusi vinavyojifanya folda kwa kuvaa picha yake ya manjano huku vikiwa programu kamili. Vilevile usitegemee kiambishi cha jina: Windows haionyeshi `.lnk` ya shotikati hata ukiwa umewasha mpangilio wa kuonyesha viambishi vya mafaili.

### Kama huna kompyuta safi, tumia simu

Simu ya Android inaweza kukutoa kwenye shida hii vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Android imejengwa juu ya Linux, na Linux haijali alama ya kificho ambayo Windows huiweka kwenye flashi za FAT32. Chomeka flashi kwa OTG, fungua programu ya mafaili, na utaona folda zako halisi zikiwa kando ya zile shotikati. Virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows haviwezi kujiendesha humo.

Nakili folda zako tu kwenda kwenye simu, uziache shotikati na kila kitu usichokitambua. Ikiwa flashi imefomatiwa kwa NTFS, simu nyingi hazitaisoma na huenda zikakuomba uifomati. Kataa, uichomoe.

Dalili ya kufaulu: folda ya JARIBIO inabaki `File folder` baada ya kuchomekwa tena, au simu inakuonyesha majina ya folda zako. Ukishanakili kwa simu na kufungua mafaili kadhaa yakakubali, nenda Hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Ondoa alama za kificho

Chomeka flashi kwenye kompyuta safi bila kuifungua. Kwenye `This PC` angalia herufi yake, tuseme `E:`. Iandike kwenye karatasi. Kosa la herufi hapa si dogo: ukiielekeza amri kwenye `C:`, utafichua mafaili ya Windows yenyewe ambayo yamefichwa kwa sababu nzuri.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, kisha Enter. Katika dirisha jeusi andika mstari huu, ukiweka herufi ya flashi yako:

```
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
```

Kila kipande kina sababu yake. `-h` inaondoa kificho, `-r` inaondoa zuio la kuandika, na `-s` inaondoa alama ya mfumo. `/s` inaipeleka amri ndani ya folda zote, na `/d` inaigusisha folda zenyewe, si mafaili pekee. Anayesahau `/d` hufichua mafaili yaliyo nje na kuziacha folda zikiwa zimefichwa.

Alama ya mfumo ndiyo inayowashinda wengi. Ukijaribu kuondoa kificho peke yake, yaani `attrib -h` bila `-s`, Windows inakujibu `Not resetting system file` na haigusi kitu. Hiyo pia ndiyo sababu kisanduku cha `Hidden` kwenye `Properties` za folda huwa kimefifia na hakikubali kubofywa. Lazima alama hizo mbili ziondolewe kwa pamoja, katika amri moja.

Angalia nafasi kati ya vipande. Ukiandika `-h-r-s` kwa kuviunganisha, utajibiwa `Parameter format not correct`. Ukijibiwa `Access denied` kwa folda ya `System Volume Information`, usijali, kwa kuwa hiyo ni folda ya Windows na haina kazi yako.

Dirisha likiwa limetulia kimya kwa dakika kadhaa, liache. Amri hii haionyeshi maendeleo yoyote, na flashi yenye maelfu ya picha huchukua muda. Imekwisha pale mstari wa kuandikia unaporudi.

### Kompyuta isiyoruhusu dirisha jeusi

Katika baadhi ya ofisi `cmd` imefungwa. Hapo fungua File Explorer, ingia `View` kisha `Options` (kwa Windows 11 bonyeza nukta tatu za juu, kisha `Options`), na uende kwenye kichupo cha `View`. Chagua `Show hidden files, folders, and drives`, na chini yake ondoa alama kwenye `Hide protected operating system files (Recommended)`. Lazima ufanye yote mawili. Anayefanya la kwanza peke yake haoni kitu, kwa sababu ile alama ya mfumo inayafunika mafaili yake pamoja na ya Windows.

Njia hii inakuonyesha tu, haiondoi alama. Utaweza kunakili, lakini nakala nazo zitakuwa zimefichwa, hivyo utahitaji kuzipitishia `attrib` baadaye mahali `cmd` inaporuhusiwa. Ukimaliza, rudisha mipangilio hiyo miwili kama ilivyokuwa.

Dalili ya kufaulu: ukifungua flashi kwa kubofya herufi yake ndani ya `This PC`, unaona folda za `File folder` zikiwa na rangi kamili, si zile zilizofifia.

## Hatua ya 4: Tafuta folda isiyo na jina

Ukiona folda zako zote, ruka hatua hii. Ikiwa amri imekwisha vizuri na bado huoni kazi yako, usirudie `attrib`. Kuna aina ya virusi isiyoficha kila folda peke yake, bali inayachukua mafaili yote na kuyahamishia ndani ya folda moja, kisha inaificha hiyo moja na kuacha nje shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe.

Jina la folda hiyo huwa ni herufi moja ya nafasi isiyoonekana, na kwa hiyo kwenye dirisha unaona picha ya folda bila maandishi chini yake, na wakati mwingine hata picha yake imebadilishwa ikafanana na ya diski. Aina nyingine huiita kwa kistari cha chini tu, `_`, na huacha pembeni folda inayoitwa `WindowsServices` yenye mafaili kama `helper.vbs` na `installer.vbs`. Folda hiyo ya `WindowsServices` ndiyo virusi vyenyewe, usiifungue.

Nitaeleza mfano mmoja kwa ukamilifu, kwa sababu unaonyesha jinsi folda hii inavyoponyoka macho.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniletea flashi ya GB 8 baada ya kuchapisha sura mbili za tasnifu kwenye steshenari karibu na chuo. "Kaka, imeliwa yote," alisema, "na wameniambia nifomati." Kwenye flashi palikuwa na kitu kimoja tu, shotikati iliyoitwa TASNIFU (8GB). Kwenye `Properties` za flashi nafasi iliyotumika ilikuwa GB 3.1, kwa hiyo nilimwambia pale pale kwamba kazi yake ipo na hatutafomati chochote.

Herufi ilikuwa `F:`. Niliendesha `attrib`, ikachukua kama dakika moja, kisha nikafungua flashi. Yeye aliona shotikati ileile na akaanza kukata tamaa. Nikaandika hivi:

```
dir /a F:\
```

Amri hiyo huorodhesha kila kitu, kilichofichwa na kisichofichwa. Kulikuwa na mstari mmoja wenye `<DIR>` na baada yake hakuna neno lolote, kana kwamba sentensi imekatwa. Niliporudi kwenye File Explorer na kuangalia tena, nafasi iliyo kabla ya shotikati, ambayo sote tuliiona kuwa ni weupe tu, ilikuwa folda. Niliibofya mara moja, nikabonyeza F2, nikaipa jina OKOA, Enter. Ndani yake zilikuwamo sura zote tano, mahojiano aliyorekodi, na hata picha za sherehe ya dada yake ambazo alikuwa amekwisha kuzisahau.

Fanya hivyohivyo: bofya ile picha isiyo na maandishi, bonyeza F2 na uipe jina. Ikiwa huioni, bofya mahali popote peupe ndani ya dirisha na ubonyeze Ctrl na A pamoja. Kila kilichomo kitawekewa rangi, na folda isiyo na jina itajitokeza kama mraba wa buluu peke yake.

Dalili ya kufaulu: folda ina jina uliloipa, na ukiifungua unaona kazi yako ikiwa na tarehe zake za awali.

## Hatua ya 5: Ondoa shotikati, nakili, kisha ufungue mafaili

Kabla ya kunakili, ondoa shotikati zote ili usizibebe kwenda kwenye kompyuta:

```
del /s /a E:\*.lnk
```

Amri hii haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Inafuta moja kwa moja. Hakikisha tena herufi ya flashi, na hakikisha umeandika `lnk`. Shotikati haina kazi yako ndani yake, ina anwani tu, kwa hiyo hupotezi kitu.

Sasa tengeneza folda kwenye kompyuta, tuseme `C:\OKOA`, na unakili humo folda zako. Nasema kunakili, yaani `Copy`, si `Cut`. Ukikata, na flashi ikachomoka katikati ya safari au umeme ukakatika, unaweza kupoteza faili lililokuwa njiani. Ukinakili, la awali linabaki mahali pake mpaka uwe na uhakika.

Chagua kwa macho unachonakili. Nyaraka, picha, sauti na video ni zako. Faili lenye mwisho wa `.vbs`, `.js`, `.wsf`, `.bat`, `.scr` au `.exe` ambalo hukuliweka mwenyewe, liache. Ikiwa huna hakika kama programu fulani ilikuwa yako, iache pia, kwa sababu programu unaweza kuipata upya kwingine, tofauti na tasnifu.

Nakala zikishakamilika, bofya folda ya OKOA kwa kitufe cha kulia na uchague `Scan with Microsoft Defender` (kwenye Windows 11 huenda ukalazimika kuanzia `Show more options`). Kisha fungua mafaili yenyewe. Usitosheke na kuona majina: fungua waraka mrefu kuliko yote ushuke hadi ukurasa wa mwisho, cheza sauti moja mpaka katikati, fungua picha kadhaa.

Ikiwa majina yako sawa lakini kila faili limeongezewa kiambishi kigeni na halifunguki kwa programu yoyote, hayo hayakufichwa, yamefungwa kwa usimbaji na virusi vya aina nyingine kabisa. Hakuna amri katika mwongozo huu itakayoyafungua, na kuendelea kuyachezea kunaweza kuyaharibu zaidi. Yahifadhi kama yalivyo.

Dalili ya kufaulu: ukubwa wa folda ya OKOA unakaribiana na ule wa `Used space` wa Hatua ya 1, na mafaili uliyoyajaribu yote yamefunguka.

## Hatua ya 6: Fomati flashi, kisha safisha kompyuta iliyoambukiza

Sasa, na si kabla ya sasa, unaruhusiwa kufomati. Watu wengine hupendelea kufuta virusi kimoja kimoja, lakini mimi siishauri njia hiyo, kwa kuwa faili moja la kificho likisalia, flashi itaambukiza kompyuta inayofuata. Ukiwa na nakala iliyothibitishwa, kufomati ni kazi ya sekunde chache na hakuachi shaka.

Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua `Format`, na uache alama kwenye `Quick Format`. Inatosha kwa kazi hii. Kwa flashi ya hadi GB 32, FAT32 itasomeka karibu kila mahali, ila haipokei faili moja linalofikia GB 4. Ukiwa na video kubwa, chagua exFAT.

Kisha rudi kwenye kompyuta iliyoleta balaa, ikiwa ni yako. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua `Task Manager`, na katika kichupo cha `Details` tafuta `wscript.exe`. Hiyo ni sehemu halali ya Windows inayoendesha mafaili ya `.vbs`, lakini kwenye kompyuta ya nyumbani ni nadra kuiona ikiwa kazini muda wote. Ukiikuta, bonyeza `End task`. Hapo virusi vimenyamaza mpaka utakapowasha kompyuta upya tu, kwa sababu vimejiandikisha kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na Windows. Angalia sehemu ya `Startup` ndani ya `Task Manager` hiyohiyo, na uzime kwa `Disable` kila jina la ajabu linalotaja faili la `.vbs` au `wscript`.

Halafu fanya ukaguzi wa nje ya Windows, kwa maana virusi vilivyo hai hujilinda visifutwe. Ikiwa kuna intaneti, sasisha kwanza orodha ya virusi. Fungua `Windows Security`, ingia `Virus & threat protection`, kisha `Scan options`, na uchague `Microsoft Defender Antivirus (offline scan)`. Hifadhi kazi zako zote kabla ya kubonyeza, kwa sababu kompyuta itajizima na kuwaka yenyewe, na ukaguzi utachukua takriban dakika 15.

Maliza kwa lile jaribio la folda ya JARIBIO kwenye kompyuta hiyo. Likigeuka shotikati tena, virusi bado vimo, na hapo ni heri uhamishe nyaraka zako kwa utaratibu wa Hatua ya 5 na uisimike Windows upya kuliko kuendelea kuwinda mafaili.

Dalili ya kufaulu: flashi iliyofomatiwa inapokea folda, inachomolewa, inachomekwa tena kwenye kompyuta ileile, na folda inabaki `File folder`.

## Ikiwa flashi ilikwisha kufomatiwa au mafaili yalifutwa

Hapa `attrib` haina la kufanya, maana inabadilisha alama za faili lililopo, haifufui lililofutwa. Data huendelea kulala kwenye flashi mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, ndiyo sababu nilikuambia uache kuitumia. Microsoft inayo programu ya bure inayoitwa Windows File Recovery, inayopatikana kwenye Microsoft Store kwa Windows 10 toleo la 2004 na kuendelea. Fungua `cmd` kama msimamizi wa kompyuta, na kwa nyaraka za Word zilizokuwa kwenye `E:` uandike hivi:

```
winfr E: C: /extensive /n *.docx
```

Kilichookolewa kinawekwa kwenye `C:`, na ni lazima kiwe kwenye diski nyingine, kwa sababu ukikiandika kwenye flashi ileile utafunika mafaili ambayo bado hayajaokolewa. Kama haikufaulu, jaribu PhotoRec, ambayo nayo ni ya bure na hutafuta mafaili kwa kusoma umbo la data yenyewe. Jitayarishe tu kwamba majina yote yatakuwa yamepotea na badala yake utapata namba, hivyo itakubidi kufungua waraka mmoja mmoja ili kuujua. Panga matokeo kwa ukubwa kwanza. Tasnifu ya kurasa mia yenye picha huwa miongoni mwa nyaraka kubwa zaidi, na kwa kawaida utaikuta ndani ya mafaili ya mwanzo utakayoyafungua.